Namna ya Kuifanyia Kazi Sura ya Mapitio Iliyorudishwa kwa Maoni "Umefupisha tu, Hujahakiki"

Maoni haya huandikwa mara kwa mara pembeni mwa sura ya pili ya tasnifu, na kwa kawaida huandikwa kwa ufupi mno: "muhtasari mwingi, uhakiki haupo", au "unganisha kazi hizi", au "sauti yako iko wapi?" Mwanafunzi anayeyapokea hufanya moja kati ya mambo matatu. Huongeza vyanzo vipya, kwa kuamini kwamba alichopungukiwa ni idadi. Au huongeza sentensi moja ya lawama mwishoni mwa kila aya, kama vile "utafiti huu ulikuwa na sampuli ndogo". Au hupachika maneno ya kuunganisha, "hata hivyo", "vilevile", "kwa upande mwingine", kati ya aya zilezile za zamani. Msimamizi akiisoma tena anaandika maoni yaleyale, na mwanafunzi anabaki hajui alichokosea.

Kasoro inayolalamikiwa iko katika mpangilio wa fikra. Sura imepangwa kwa kufuata waandishi, mmoja baada ya mwingine, ilhali ilipaswa kupangwa kwa kufuata madai ambayo waandishi hao wanakubaliana au kupingana juu yake. Mpangilio wa kwanza humwezesha mwandishi kumaliza sura nzima bila kuamua jambo lolote. Mpangilio wa pili haumruhusu kuandika hata aya moja kabla ya kuamua. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutoka katika mpangilio wa kwanza na kuingia katika wa pili, kwa kutumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mfano wenyewe ni wa mwanafunzi anayetafiti kama kuandika dondoo za mhadhara kwa kompyuta mpakato, badala ya kuziandika kwa mkono, kunaathiri ujifunzaji. Nimeuchagua kwa sababu tafiti zake ni chache za kuweza kushikwa kwa mkono mmoja, ni za kweli, na hazikubaliani.

Hatua ya kwanza: thibitisha tatizo kwa macho yako

Kabla ya kugusa chochote, nakili sentensi ya kwanza ya kila aya katika ukurasa mtupu, kisha usome ukurasa huo peke yake. Katika rasimu ya mwanafunzi wetu, sehemu inayohusu kompyuta inatoa orodha hii:

> Mueller na Oppenheimer (2014) walichunguza uandishi wa dondoo kwa mkono na kwa kompyuta.
>
> Bui, Myerson na Hale (2013) walifanya majaribio kuhusu uandishi wa dondoo kwa kompyuta.
>
> Carter, Greenberg na Walker (2017) walitafiti matumizi ya kompyuta darasani.
>
> Morehead, Dunlosky na Rawson (2019) walirudia utafiti wa Mueller na Oppenheimer.
>
> Urry na wenzake (2021) nao walirudia utafiti huo.

Kila sentensi inaanza na jina la mtu na kitenzi cha kutafiti. Hakuna hata moja inayodai jambo kuhusu dondoo zenyewe. Msomaji akimaliza orodha hii anajua nani alifanya nini, lakini hajui chochote kuhusu swali la tasnifu.

Kipimo cha pili ni kubadilisha mahali pa aya. Ihamishe aya ya Carter iwe ya kwanza, na ya Bui iwe ya mwisho. Kama hakuna sentensi inayohitaji kurekebishwa baada ya uhamisho huo, aya hizo hazikuwa zinategemeana kwa lolote, na hapo ndipo msimamizi aliposimama alipoandika maoni yake. Aya zilizounganishwa kwa hoja hukataa kuhamishwa, kwa kuwa ya pili hutumia jambo ambalo ya kwanza imekwisha kulithibitisha.

Ni vyema kusema mapema kwamba muhtasari si kosa kila unapoonekana. Nadharia ambayo tasnifu yote inaitegemea inahitaji kuelezwa kikamilifu, na utafiti mmoja ambao wengine wote wanaujibu unastahili aya yake. Katika mfano wetu, kazi ya mwaka 2014 ni ya namna hiyo. Tatizo ni pale kazi zote zinapopewa nafasi sawa, na mwandishi anapoondoka kwenye kila moja bila kuchukua kitu cha kwenda nacho kwenye inayofuata.

Hatua ya pili: badili mada iwe dai

Kichwa kidogo cha rasimu kinasomeka "Teknolojia na Uandishi wa Dondoo". Hiyo ni mada, na mada hukubali kila kitu. Utafiti wowote unaotaja kompyuta na darasa unaweza kuingizwa chini yake. Dai hufanya kinyume chake, maana hukataa. Andika sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu aliyesoma kazi hizohizo anaweza kuipinga. Kwa mfano: "Kuandika dondoo kwa kompyuta kunapunguza uelewa wa mhadhara."

Sentensi hiyo ikishapatikana, usiikubali wala kuikataa kwanza, bali ivunje. Madai mengi katika sayansi za jamii na elimu yana viungo ndani yake, na kwa kawaida watafiti hawakubaliani kuhusu kiungo kimoja huku wakikubaliana kuhusu kingine. Dai letu lina viungo viwili. Cha kwanza kinasema kwamba anayechapa kwa kibodi huandika maneno mengi zaidi, na huyaandika kama yalivyotamkwa, neno kwa neno, kwa sababu vidole vyake vinaweza kumfuata mhadhiri. Cha pili kinasema kwamba uandishi huo wa neno kwa neno huifanya akili isichakate maana, na hivyo mwandishi huelewa kidogo.

Mueller na Oppenheimer walivitoa viungo vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana wanafunzi wengi huvinukuu kama kitu kimoja. Kuvitenganisha ndicho kitendo cha kwanza cha uhakiki katika sura hii, na tazama kwamba hakikuhitaji neno lolote la kumlaumu mtu.

Hatua ya tatu: tengeneza jedwali ambalo safu zake ni maswali

Wanafunzi wengi tayari wana jedwali la vyanzo, lakini safu zake huwa ni "mwandishi", "lengo", "mbinu", "matokeo" na "mapungufu". Jedwali la namna hiyo ni muhtasari uliopangwa kwenye visanduku; linakuhifadhia ulichosoma, lakini halikulazimishi kulinganisha. Safu za jedwali tunalolitaka zinatokana na viungo vya dai na mambo yanayoweza kueleza tofauti za matokeo. Kwa mfano wetu, zinatosha nne:

| Kazi | Ni nini kililinganishwa? | Kiungo cha 1: je, kompyuta iliongeza neno kwa neno? | Mtihani ulitolewa lini, na dondoo zilipitiwa? | Kiungo cha 2: je, alama zilitofautiana? |
|---|---|---|---|---|
| Bui na wenzake (2013) | Kunakili kila kitu na kupanga mawazo. Jaribio la kwanza lilikuwa na mkono na kompyuta | Washiriki waliagizwa namna ya kuandika | Papo hapo. Baadaye bila kupitia. Baadaye baada ya kupitia | Papo hapo, wanakili wa kompyuta walikumbuka zaidi. Baadaye bila kupitia, wapangaji. Baada ya kupitia, wanakili |
| Mueller na Oppenheimer (2014) | Mkono na kompyuta isiyo na intaneti | Ndiyo | Muda mfupi bila kupitia. Katika jaribio la tatu, baada ya wiki moja, baadhi wakipitia | Wa mkono walifanya vizuri zaidi katika maswali ya dhana |
| Carter na wenzake (2017) | Madarasa yaliyoruhusu vifaa na yaliyovikataza | (wazi) | Mtihani wa mwisho wa somo | Walioruhusiwa vifaa walipata alama za chini |
| Morehead na wenzake (2019) | Mkono, kompyuta, kifaa cha kuandikia kwa kalamu, na wasioandika | (rudi kwenye makala) | Bila kupitia na baada ya kupitia | Hakuna tofauti iliyojirudia. Ilipungua zaidi baada ya kupitia |
| Urry na wenzake (2021) | Mkono na kompyuta, kwa kurudia jaribio la kwanza la 2014 | Ndiyo | Muda mfupi, bila kupitia | Kundi la mkono halikuwashinda wa kompyuta |

Jaza jedwali hili ukiwa umefungua makala zenyewe, si ikisiri zake. Utatambua haraka kazi ulizosoma kwa ikisiri tu, kwani visanduku vyake vitabaki na maneno ya jumla au vitakuwa vitupu. Alama ya "rudi kwenye makala" niliyoiweka hapo juu ni ya namna hiyo: ni deni ambalo mwandishi wa sura anapaswa kulilipa kabla ya kuandika, na ni afadhali lionekane kwenye jedwali kuliko lifichwe kwa sentensi laini.

Kisanduku kitupu cha Carter ni cha aina nyingine kabisa, nacho ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote. Utafiti huo ulifanyika katika somo la utangulizi wa uchumi kwenye chuo cha kijeshi cha Marekani cha West Point, ambako madarasa yaligawanywa kwa bahati nasibu: mengine yaliruhusiwa vifaa bila masharti, mengine yaliruhusiwa vishikwambi tu vikiwa vimelazwa juu ya meza ili mwalimu avione, na mengine yakakatazwa vyote. Alama za madarasa yaliyoruhusiwa zilishuka kwa takriban 0.18 ya mkengeuko sanifu. Ni matokeo yanayoheshimika, lakini dondoo hazikuwa ndizo zilizokuwa zikilinganishwa. Mwanafunzi aliyefungua kompyuta darasani anaweza kuwa alichapa neno kwa neno, au alikuwa akisoma ujumbe, na utafiti huo hautenganishi mambo hayo mawili. Kwa hiyo hauwezi kutumika kama ushahidi wa kiungo cha kwanza wala cha pili, ingawa rasimu iliupanga sambamba na mingine kana kwamba unajibu swali lilelile.

Jedwali limetuambia, bila hata kuandika aya moja, kwamba kazi moja kati ya tano haipo mahali pake.

Hatua ya nne: tafuta sababu ya kutofautiana

Hapa ndipo kazi nzito ilipo, na ndipo wengi wanapokata kamba. Njia rahisi ya kukwepa ni kuhesabu kura: kazi mbili zinasema hivi, mbili zinasema vile, kwa hiyo "matokeo yanatofautiana na utafiti zaidi unahitajika". Sentensi hiyo ni ya kweli katika kila mada duniani, na kwa sababu hiyo haisemi kitu kuhusu mada yako.

Soma jedwali kwa kushuka safu, si kwa kuvuka mistari. Ukishuka safu ya kiungo cha kwanza, kazi ya 2014 na ile ya 2021 zinakubaliana: waliochapa waliandika maneno mengi zaidi, na mengi zaidi kati ya hayo yalikuwa maneno ya mhadhiri mwenyewe. Ukishuka safu ya mwisho, makubaliano hayo yanavunjika. Urry na wenzake walilirudia jaribio la kwanza wakiwa na washiriki 142, ilhali la awali lilikuwa na 65; wakaipata tofauti ya uandishi lakini hawakuipata tofauti ya alama, na walipochanganua kwa pamoja matokeo ya tafiti nane zinazofanana, sura ya mambo ilibaki ileile. Morehead na wenzake, waliorudia pia na kuongeza kundi lisiloandika chochote, hawakupata tofauti thabiti hata kati ya kundi hilo na walioandika. Maana yake ni kwamba kuandika neno kwa neno ni jambo la kweli linalotokea, lakini kuhusisha jambo hilo na kushuka kwa uelewa kumesimama juu ya msingi dhaifu.

Sasa ongeza Bui. Katika rasimu, kazi hii ilionekana kumpinga Mueller moja kwa moja, kwa kuwa inasema wanaonakili kwa kompyuta walikumbuka zaidi. Lakini tazama safu ya wakati wa mtihani. Wanakili waliwashinda wapangaji papo hapo. Muda ulipopita bila kupitia dondoo, wapangaji ndio waliotangulia. Na waliporuhusiwa kuzipitia, wanakili wakatangulia tena. Faida ya namna moja ya kuandika inageuka kwa kutegemea kama dondoo zilitumika baadaye au la. Jambo hili linadokeza maelezo ambayo hakuna kazi moja peke yake inayoyatoa: huenda thamani ya dondoo haitokani tu na kile kinachofanyika akilini wakati wa kuandika, bali pia na kile mwanafunzi anachokifanya nazo baada ya mhadhara.

Neno "huenda" katika sentensi hiyo lina kazi yake. Maelezo haya ni yako, umeyajenga kwa kulinganisha majaribio ambayo hayakuundwa ili yalinganishwe, na yapo mambo yanayoyapinga. Katika jaribio la tatu la 2014, walioandika kwa mkono na kupata nafasi ya kuzipitia ndio waliofanya vizuri zaidi, jambo ambalo haliendi sawa na matokeo ya Bui. Usilifiche. Linaweza kutokana na namna ya kupima, kwa kuwa Bui aliwaagiza washiriki namna ya kuandika ilhali wa Mueller katika jaribio la kwanza waliachwa waandike kama walivyozoea. Linaweza pia kutokana na kwamba kukumbuka mambo na kuelewa dhana ni vitu viwili tofauti. Taja uwezekano ulio na nguvu zaidi, eleza kwa nini unauona hivyo, kisha uendelee.

Kuhusu lawama za mbinu, kipo kipimo kimoja ninachokitumia kila ninaposoma sura ya mapitio: je, lawama hii inabadilisha uzito wa hitimisho gani? Kusema kwamba washiriki wa Mueller walikuwa wachache ni lawama yenye kazi, kwa sababu utafiti wenye washiriki zaidi ya mara mbili ulifuata utaratibu uleule na ukakosa sehemu ya matokeo. Kusema kwamba washiriki wote walikuwa wanafunzi wa vyuo hakubadilishi chochote hapa, kwa kuwa ni hivyo kwa kazi zote tano na tasnifu yenyewe inawahusu wanafunzi wa vyuo. Lawama ya pili iondolewe, hata kama ni ya kweli.

Hatua ya tano: andika upya aya moja, si sura nzima

Chagua aya mbili au tatu zinazofuatana na uziandike upya zikiwa kitu kimoja. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

> Mueller na Oppenheimer (2014) walichunguza uandishi wa dondoo kwa mkono na kwa kompyuta. Walifanya majaribio matatu ambapo wanafunzi walitazama mihadhara iliyorekodiwa. Matokeo yalionyesha kwamba walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi katika maswali ya dhana. Urry na wenzake (2021) nao walirudia utafiti huo. Walitumia washiriki 142. Matokeo yao hayakuonyesha tofauti ya alama. Hata hivyo, Bui na wenzake (2013) waligundua kwamba kunakili kwa kompyuta kulisaidia kukumbuka.

Na hii ndiyo aya iliyotokana na jedwali:

> Kwamba kibodi humvuta mwandishi kuelekea kunakili ni jambo ambalo ushahidi wake umejirudia. Kwamba kunakili huko kunapunguza uelewa ni jambo ambalo bado halijathibitika. Mueller na Oppenheimer (2014) waliyaunganisha mambo haya mawili walipoeleza kwa nini washiriki walioandika kwa mkono waliwashinda wenzao katika maswali ya dhana. Jaribio lao la kwanza liliporudiwa na washiriki zaidi ya mara mbili, tofauti ya uandishi ilionekana tena lakini tofauti ya alama haikuonekana (Urry na wenzake, 2021), na marudio mengine yalipata mwelekeo mdogo usio thabiti wa kupendelea mkono (Morehead na wenzake, 2019). Sehemu ya utata huu huenda inatokana na matumizi ya dondoo baada ya mhadhara: pale washiriki walipopewa nafasi ya kuzipitia, walionakili kwa kompyuta walikumbuka zaidi kuliko waliopanga mawazo, ilhali bila kuzipitia hali ilikuwa kinyume (Bui na wenzake, 2013). Hata hivyo, Mueller na Oppenheimer walipotoa nafasi hiyohiyo, kundi la mkono ndilo lililonufaika, kwa hiyo athari ya kupitia dondoo haiwezi kuchukuliwa kuwa ni moja kwa kila aina ya swali la mtihani.

Linganisha aya hizi kwa utulivu. Sentensi ya kwanza ya aya mpya haina jina la mtafiti. Ina dai lenye pande mbili, na kila sentensi inayofuata inalihudumia. Jina la Mueller limebaki ndani ya sentensi kwa sababu hoja yake ndiyo inayojadiliwa, wakati Urry na Morehead wameingia kwenye mabano kwa sababu hapa wanatoa ushahidi tu. Mihadhara iliyorekodiwa na idadi ya majaribio vimeondoka, maana havikuwa na kazi katika hoja. Neno "hata hivyo" lipo katika aya zote mbili, lakini katika ya kwanza linaunganisha mambo mawili yasiyogusana, na katika ya pili linaleta pingamizi kwa maelezo yaliyotolewa muda mfupi uliopita.

Carter hayumo. Amehamishiwa katika sehemu nyingine ya sura inayohusu usumbufu wa vifaa darasani, ambako ushahidi wake una nguvu kweli.

Yapo makosa mawili yanayojitokeza mara kwa mara katika hatua hii. La kwanza ni aya inayoanza kwa dai zuri kisha inarudi kwenye muhtasari kuanzia sentensi ya tatu. Utaligundua kwa kupigia mstari kila sentensi inayorejea dai la mwanzo, na kutazama mistari inakatika wapi. La pili ni kubana vyanzo vitano kwenye mabano mamoja baada ya sentensi ya jumla kama "tafiti nyingi zinaonyesha athari za kompyuta". Hilo linafanana na usanisi kwa umbo, lakini limefuta tofauti zilezile ambazo ulizitafuta kwa jasho kwenye jedwali.

Hatua ya sita: fikisha hoja kwenye utafiti wako

Rasimu nyingi humaliza sura kwa kusema kwamba hakuna aliyewahi kutafiti mada hii mahali fulani au kwa kundi fulani. Dai la namna hiyo ni la hatari, kwani makala moja tu usiyoiona inatosha kulibomoa. Na hata likiwa la kweli, halielezi kwa nini utafiti huo unahitajika. Pengo lenye nguvu linatoka ndani ya hoja uliyokwisha kuijenga.

Mwanafunzi wetu alipanga kulinganisha alama za mtihani za wanaoandika kwa mkono na wanaochapa. Baada ya kuandika upya sehemu hii, mpango huo hauwezi kubaki ulivyo. Mapitio yake yenyewe yanasema kwamba alama zinaweza kutegemea kama dondoo zilipitiwa, na kwa hiyo ni lazima hojaji yake iulize wanafunzi walizifanyia nini dondoo zao kati ya mhadhara na mtihani, na mtihani wenyewe utenganishe maswali ya kukumbuka na maswali ya dhana. Asipofanya hivyo, matokeo yoyote atakayoyapata yatakuwa na utata uleule aliouonyesha kwa wengine.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote: fungua sura ya tatu na utafute uamuzi wowote wa kimbinu unaotaja sura ya pili kama sababu yake. Ukikosa hata mmoja, sura ya mapitio bado inasimama peke yake, hata kama kila aya inaanza kwa dai.

Hatua ya saba: rudisha kidogo, tena mapema

Usiandike upya kurasa arobaini kabla ya kujua kama umeelewa ulichoambiwa. Mpelekee msimamizi sehemu moja iliyoandikwa upya, pamoja na jedwali lake, na uambatanishe maelezo mafupi yanayosema ulibadilisha nini na kwa nini. Maelezo yanaweza kuwa ya sentensi chache kama hizi: "Sehemu ya 2.3 sasa imepangwa kwa viungo viwili vya dai. Nimemhamisha Carter kwenda 2.5 kwa kuwa utafiti wake haupimi dondoo. Sina uhakika kama maelezo yangu kuhusu kupitia dondoo yanabeba uzito niliompa Bui, na ningeomba maoni yako hapo." Msimamizi aliyepewa swali mahususi hujibu swali mahususi, na hatakuwa na sababu ya kurudia maneno ya jumla aliyoyaandika mwanzo.

Ikiwa hata baada ya hapo jibu linabaki kuwa "hakiki zaidi" bila maelezo, omba akuonyeshe kwa kalamu sentensi moja ndani ya sehemu hiyo ambayo angeitaka iende mbali zaidi. Kwa kawaida itakuwa ni sentensi yenye "huenda", ile uliyoitoa bila kueleza ni ushahidi gani ungeithibitisha au kuikanusha. Anza marekebisho hapo, kisha uchukue utaratibu huohuo wa dai, jedwali na aya kwenda kwenye sehemu inayofuata.